Nywele 412 kwenye beseni siku moja, nanyonyoka au ndo kawaida ya kuosha?

binti_pangani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wapendwa. Nina nywele za kipilipili kabisa, zile zinazojikunja mpaka zinaingiana zenyewe, sijaweka dawa tangu 2019. Leo nimeosha, na kwa sababu kila mara naona donge kubwa likitoka nikasema leo nahesabu nijue moja. Nimefunga kipande cha chandarua kuukuu kwenye tundu la maji bafuni, nikaosha, nikachambua na kondishina, nikakusanya kila kitu, yaani zilizobaki vidoleni, kwenye chanuo, kwenye taulo na zile za kwenye tundu. Nimekaa sebuleni saa nzima nahesabu kama karani wa sensa. 412!!

Sasa kila ninaposoma naambiwa mtu anadondosha kati ya 50 na 100 kwa siku. Mimi 412 kwa siku moja si ndo nakaribia kipara jamani? Nyingi zina kitu cheupe mwishoni. Mama kaniambia huo ndo mzizi umeng'oka na pale pakishang'oka hapaoti tena. Nisaidieni sijala mpaka saa hizi.

chausiku77

Pole shoga, kwanza kula. Hiyo 100 ni kwa siku, wewe umeosha mara ya mwisho lini? Maana sisi wa kipilipili nywele ikishaachia kichwani haianguki, inaning'inia humohumo imeshikwa na wenzake. Mwenye nywele za singa zake zinaanguka kwenye nguo, kwenye mto wa kulalia, kila siku kidogokidogo, wewe zako zinakaa zinakusubiri siku ya kuosha.

binti_pangani

Nimeosha siku 8 zilizopita. So 412 gawanya kwa 8 ni kama 51?? Mbona sikuwaza hivyo.

dadakondishina

Umeona sasa! Halafu na hicho cheupe kisikutishe, ndo dalili nzuri kabisa. Nywele yenye kitu cheupe mwishoni imemaliza muda wake ikatoka yenyewe. Ukiona cheupe jua ni kawaida, funga mjadala, nenda kalale.

mzee_wa_uwaraza

Mimi naomba kuuliza, mimi uwaraza umeanza mbele huku pande mbili nina miaka 34, nikihesabu za bafuni nitajua zitaisha lini? Nakata kila wiki mbili lakini.

chausiku77

@mzee_wa_uwaraza kaka wewe fungua uzi wako 😂 hapa tunahesabu madonge

fundi_wa_kisogo

Nimesoma toka juu. Mimi nimesuka na kuosha vichwa vya watu miaka 17, na minne kati ya hiyo nilikuwa nasaidia kwenye kliniki ya ngozi, kazi yangu ilikuwa kuosha vichwa vya wagonjwa na kukusanya kinachotoka daktari akitazame. Kwa hiyo madonge nayajua.

Binti, mama yako amekosea na dadakondishina amepatia nusu. Kile cheupe sio mzizi. Sehemu inayootesha nywele imebaki chini kwenye ngozi, hicho ni kama kifundo tu cha mwisho wa nywele iliyoacha kukua. Nywele inakua miaka kadhaa, halafu inasimama, inakaa pale imeshika bila kukua kama miezi mitatu hivi, ndo inaachia na nyingine inaanza kusukuma kutoka shimo lilelile. Iliyosimama ina kifundo kidogo kigumu cheupe. Ukiing'oa nywele ambayo bado inakua (jaribu moja tu utaona inavyouma) mwisho wake unakuwa mweusi, laini, wakati mwingine na utando wa kama jeli.

Sasa pale dadakondishina alipokosea. Kile cheupe kinakwambia nywele imetoka KWA NJIA gani, hakikwambii ni NYINGI kiasi gani. Mtu aliyetoka kuumwa homa kali au kujifungua anaweza kutoa nywele mara tatu ya kawaida yake na zote zina kifundo cheupe safi kabisa. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili, uangalie mwisho wa nywele na uhesabu kwa siku. Kimoja peke yake hakitoshi.

Na wewe nina swali kabla sijasema kitu. Hiyo siku 8 ni tangu UOSHE au tangu UCHAMBUE mpaka ngozini? Sio kitu kimoja.

binti_pangani

Duh. Wiki ile niliosha zikiwa kwenye twisti, sikufumua, nilimimina shampuu juu nikasuuza basi. Kuchambua mpaka ngozini ni kama siku 15 sasa.

fundi_wa_kisogo

Basi gawanya kwa 15, maana kwenye twisti zilizoachia hazikutoka, zilikaa zimesukwa na wenzake. 412 kwa 15 ni 27 na ushee. Tena kuna chache zilizobaki kwenye mto na kilemba ambazo hujazihesabu, weka hata 30. Hapo hakuna mtu anayenyonyoka.

Ila usifurahi bado. Umehesabu zote pamoja kama ni kitu kimoja. Chukua 100 kwenye hilo donge bila kuchagua, zisuuze kondishina iishe, halafu zitenge. Tandaza kitambaa cheusi, sio karatasi nyeupe, karatasi nyeupe ni nzuri kuhesabia nywele lakini kifundo cheupe kinapotea. Shika nywele moja ivute inyooke, pitisha kati ya kucha mbili kutoka ncha mpaka ncha. Kifundo utakisikia kinakwama kidogo mwishoni. Na angalia, mabaki ya kondishina na mba yanaweza kuonekana kama kifundo, lakini yenyewe ukiyapitishia ukucha yanateleza au yanavunjika. Kifundo hakitoki. Kingine, ukiona kidoti cheupe KATIKATI ya nywele sio kifundo hicho, hapo nywele imevunjikavunjika kama kamba inayofumuka, ukiivuta inakatikia hapohapo.

mama_kulwa_na_doto

Naomba kuingilia, hii imenigusa. Mimi nimejifungua mapacha wiki 14 zilizopita, wiki hii ya tatu nywele zinatoka mpaka naogopa kuosha. Fundi sijui kuhesabu moja moja na watoto wawili, kuna njia ya mkato?

fundi_wa_kisogo

@mama_kulwa_na_doto ipo. Zikusanye, zisuuze, zikauke kidogo, zivute donge litanuke kwenye sinia. Gawa nusu, kila nusu gawa nusu tena, halafu nusu tena, upate mafungu 8 yanayolingana kwa macho. Hesabu fungu moja zidisha kwa 8. Haitakuwa sawasawa lakini hatutafuti hesabu ya benki, tunataka kujua kama ni 300 au 1,300.

Na msihukumu kwa ukubwa wa donge. Nywele ya kipilipili inayofika sentimita 20 ikivutwa, ukiiachia inajikunja inakuwa ndogo sana lakini inabeba hewa. Nywele 200 za hivyo zinatengeneza kitu kama kiota cha ndege. Hizohizo 200 kwa mtu wa singa zinakuwa uzi mwembamba amezungusha kidoleni. Ndo maana sisi tunashtuka zaidi.

bibi_wa_mjini

Tena hayo madonge msitupe ovyo. Sisi tumekuzwa unachoma au unafukia, ndege akijengea kiota utaumwa kichwa mpaka uchanganyikiwe.

chausiku77

Bibi umefika 😂😂 za binti_pangani 412 ndege anajenga ghorofa

nyangumi_ke

Niaje watu wa Bongo. Mimi niko Nakuru nina dredi miaka sita, sijawahi ona hata nywele moja kwa bafu. Hii maneno ya 100 per siku naona ni uongo tu, ama sisi wa dredi tumebarikiwa?

fundi_wa_kisogo

@nyangumi_ke hujabarikiwa ndugu yangu, umezihifadhi. Dredi nusu yake ni nywele zilizokwisha kuachia kichwani siku nyingi, zimefungwa mle ndani. Ndo maana dredi ya miaka sita ni nzito na nene kuliko nywele zinazoishikilia kwenye ngozi. Kwako wewe kuhesabu hakuna maana, wewe tazama shina la dredi pale kwenye ngozi, likianza kuwa jembamba kama uzi wa kiatu hapo ndo pa kuuliza.

nyangumi_ke

Aii. Sasa nimeenda kwa kioo. Kuna mbili za huku mbele zimekuwa nyembamba hivo. Nafungaga zote nyuma nikienda job.

fundi_wa_kisogo

Ziachie. Hizo za mbele zinabebeshwa mzigo wa zingine zote. Zikikatika hutaona donge lolote maana zinaondoka na dredi zima. Kama kando kando pameanza kuonyesha ngozi na umebaki mstari wa vinywele vidogo pale mwanzo wa paji, hiyo ni ya kuvutwa. Ikiwahiwa inarudi, ikiachwa miaka ngozi inafanya kovu na hairudi.

mafuta_halisi_tz

Kwa wote wanaonyonyoka nina mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na kitunguu na mchaichai, wiki mbili tu donge linaisha kabisa, nicheki pembeni.

dadakondishina

Donge likiisha kabisa si ndo nywele zimegoma kutoka? Fundi hapo juu kasema lazima zitoke zingine ziote. Acha kutuuzia.

binti_pangani

Nimerudi, macho yananiuma. Nimechukua 100 bila kuchagua. Zenye kifundo 58. Zisizo na kifundo 42. Kati ya hizo 42, vipande vifupi ni 31, urefu wa kama kucha mpaka kidole kizima, zangu nzima zikivutwa ni kama sentimita 22. Nyingine 11 ni ndefu lakini sikuona kifundo upande wowote. Hii inamaanisha nini

fundi_wa_kisogo

Asante kwa kazi. Sasa tazama picha ilivyogeuka. Kwenye 412, zilizoachia zenyewe ni 58 kwa mia, yaani kama 239. Gawa kwa siku 15, ni 16 kwa siku. Ndogo hiyo. Wanaokwambia 50 mpaka 100 wanazungumzia kichwa chenye kama nywele laki moja, na sisi wengi tuna pungufu ya hapo.

Lakini zile 170 na kitu nyingine hazikutoka, ZIMEKATIKA. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Iliyotoka shimo lake linaotesha nyingine. Iliyokatika shina bado lipo kichwani linaendelea kukua, ila urefu umeupoteza, na ndo unakuta mtu analalamika "nywele zangu hazikui" kumbe zinakua vizuri tu, zinakatika kasi ileile. Ulikuja kulia kunyonyoka na shida yako ni kukatika.

afrodiaspora_oslo

Samahani napinga kidogo. Hizo 11 ndefu zisizo na kifundo huwezi kuziita za kukatika zote. Mimi nimeshaona kifundo kinasuguliwa kinatoka wakati wa kuosha, hasa ukitumia chanuo la meno ya karibu. Na vipande vifupi vingine ni nywele changa, ncha yake ni nyembamba kama sindano maana haijawahi kukatwa.

fundi_wa_kisogo

@afrodiaspora_oslo kwenye nywele changa uko sahihi na nilisahau kusema. Fupi yenye kifundo upande mmoja na ncha nyembamba upande wa pili ni changa, hesabu kwenye zilizotoka. Fupi butu pande zote mbili ni kipande. Ila binti alisema hizo 31 hazina kifundo kwa hiyo ni vipande.

Kwenye zile 11 sibishani sana. Kifundo kusuguliwa kikatoka mimi sijakiona mara nyingi, ni kigumu kile. Nywele ndefu isiyo na kifundo mimi huwa naihofia, maana inaweza kuwa imekatikia karibu kabisa na ngozi. Tuziweke pembeni.

afrodiaspora_oslo

Sawa, pembeni. Ila mimi niliishi nazo kama 10 kwa mia miaka yote na kichwa changu kipo.

rasta_wiki_nane

Wapendwa na mimi. Nimefumua rasta jana zilikaa wiki 8, donge limetoka ukubwa wa paka mdogo. Nimelia. Msusi kaniambia ni kawaida lakini yeye si ndo alisuka, lazima ajitetee.

chausiku77

Wiki 8 ni siku 56, hata ukiwa unadondosha 50 tu kwa siku hizo ni 2,800 mama. Paka mdogo ndo saizi yake.

fundi_wa_kisogo

Chausiku amemaliza. Nitaongeza moja, msioshe kabla ya kuchambua mkifumua rasta. Zile 2,800 zilizolegea zikilowa kabla hujazitoa zinajifunga na zilizo hai, unaishia kukata fundo zima. Mafuta kidogo au kondishina kwenye nywele kavu, vidole kwanza, vumbi lile jeupe la shina la rasta ulisuguesugue litoke, chanuo baadaye, maji mwisho. Na msusi kama alikubana mpaka vipele vikatokea kwenye mstari wa paji hiyo kesi nyingine, donge halitakuonyesha.

mama_kulwa_na_doto

Nimefanya ya sinia, shemeji yangu alishika watoto. Fungu moja 165. Mara 8 ni 1,320. Nilichambua mara ya mwisho siku 7 zilizopita mpaka ngozini kabisa. Naona ni 188 kwa siku. Nimeangalia kama 50 zote zina cheupe isipokuwa 2. Fundi sema ukweli.

dadakondishina

Zote zina cheupe, kwa hi… nanyamaza 😅

fundi_wa_kisogo

Umejifunza dada 😄

Mama Kulwa, ukweli ni huu. Namna zinavyotoka ni safi, hazikatiki. Kiasi ni kikubwa kuliko kawaida. Na wakati wake unaeleweka kabisa. Ukiwa na mimba nywele nyingi zinachelewa kusimama, ndo ule wingi unaosifiwa miezi ya mwisho. Ukijifungua zinasimama kwa pamoja kama wanafunzi waliosikia kengele, na nilishasema iliyosimama inakaa kama miezi mitatu ndo inaachia. Wiki 14, hapohapo. Hata mtu wa malaria kali au taifodi au upasuaji ni hivyohivyo, nywele zinatoka miezi miwili mitatu BAADAYE wakati ameshapona na ameshasahau, anaanza kulaumu shampuu aliyonunua juzi.

Kwa wazazi wengi inapungua yenyewe ndani ya miezi michache, na mtoto akifika mwaka watu wengi wameshasahau. Usipunguze kuosha ukidhani unaziokoa. Zilizokwisha achia zimekwisha achia, ukiosha kila wiki mbili utapata donge la 2,600 badala ya 1,320 mara mbili, na mafundo juu yake.

Swali langu kwako ni moja. Ulipoteza damu nyingi kujifungua? Unachoka, unasikia kizunguzungu, moyo unaenda mbio ukipanda ngazi?

mama_kulwa_na_doto

Niliongezewa chupa moja. Kuchoka nachoka lakini nani hachoki na mapacha.

fundi_wa_kisogo

Basi kwenye kliniki ya watoto mwambie nesi upimwe damu, na kama wanaweza wapime na akiba ya madini chuma, sio wingi wa damu peke yake, maana damu inaweza kusoma vizuri akiba ikawa imeisha. Tezi ya shingo nayo huwa inasumbua baada ya kujifungua, waulize. Usinunue vidonge vya nywele kwanza. Na endelea kuhesabu kwa sinia mara moja kila wiki mbili tu, uandike tarehe. Ukiona baada ya miezi sita bado uko juu ya 150 hapo hatuisingizii mimba tena.

mzee_wa_uwaraza

Kwa hiyo mimi sijibiwi

fundi_wa_kisogo

Kaka, wewe kuhesabu hakutakusaidia. Uwaraza wa kiume nywele hazidondoki kwa wingi, zinazaliwa upya kila zamu zikiwa nyembamba na fupi zaidi mpaka hazionekani. Beseni litakudanganya kuwa uko salama. Piga picha mwezi kwa mwezi mahali palepale mwanga uleule.

binti_pangani

Jamani nimerudi baada ya siku 8, safari hii nilifanya kisomi. Nilichambua mpaka ngozini mara zote mbili kwa hiyo siku 8 ni 8 kweli. Nikagawa kichwa mafungu manne, nikaweka bakuli nne, mume wangu alidhani napika pilau. Chandarua nikasafisha kwanza maana mara ya kwanza inawezekana na za mdogo wangu zilikuwemo.

Mbele kushoto 41, vipande 7.
Mbele kulia 38, vipande 9.
Kisogoni 72, vipande 12.
Utosini 96, vipande 61.

Kwenye tundu zilikuwa 20 tu sijui za upande gani, sikuzihesabu humo.

chausiku77

Utosi!!!

afrodiaspora_oslo

Safi sana hii. Jumla 247, vipande 89, zenye kifundo 158, kama 20 kwa siku. Na angalia tundu, mtu angehesabu za kwenye tundu peke yake angeona 20 akaenda kulala. Nyingi zinatoka vidoleni na kondishina kabla maji hayajazibeba.

fundi_wa_kisogo

Hiyo ndo kazi. Sehemu tatu zinakatika kidogo kama vichwa vyote. Utosi ni tofauti, karibu theluthi mbili ya kilichotoka hapo ni vipande. Ukichanganya bakuli moja hii inapotea kabisa, unaona tu "nakatika". Sasa niambie, utosini unafanya nini ambacho hufanyi kwingine? Na unasikia nini pale, kuwasha, kuungua, kuuma ukigusa?

binti_pangani

Nina wigi ya kazini ina kitana kidogo ndani cha kushikilia, kinakaa hapo utosini. Navaa siku tano kwa wiki. Kuwasha… ndiyo, miezi kadhaa, nilidhani mba. Jioni nikivua wigi huwa panauma kidogo kama mtu aliyefunga nywele kwa kubana.

dadakondishina

Ni kitana cha wigi basi, toa hicho kitana, kesi imekwisha.

rasta_wiki_nane

Hata mimi naona ni kitana. Dada yangu yalimkuta hayohayo.

fundi_wa_kisogo

Inawezekana ni kitana. Ukitoe leo, sio kesho, vaa wigi ya mpira laini au kilemba. Lakini sitasema kesi imekwisha. Kuna ugonjwa wa utosi unaowapata zaidi wanawake weusi, unaanza katikati ya kichwa na kutanuka taratibu kama duara, na kwa wengine dalili ya kwanza kabisa ni hiyohiyo, nywele kukatika utosini na kuwasha au kuuma, ngozi bado inaonekana nzima. Mwingine hasikii chochote. Unaharibu mashimo ya nywele na kuacha kovu, na palipo na kovu hakuna mafuta wala kondishina itakayootesha. Kwenye familia nyingine unarithiwa. Mama yako au shangazi wana upara wa utosini?

Kwa beseni siwezi kutofautisha kitana na huo ugonjwa, na hakuna mtu humu anayeweza. Daktari wa ngozi anatazama kwa lenzi, akiwa na shaka anachukua kipande kidogo sana cha ngozi kupima. Kama huna wa karibu, KCMC Moshi ndiko wanakofundishiwa madaktari wa ngozi, na hospitali za rufaa nyingi zina siku ya kliniki ya ngozi, piga simu uulize siku gani.

binti_pangani

Mama anavaa kilemba toka niko shule ya msingi. Sijawahi kumuona kichwa wazi. Ngoja nimuulize.

dadakondishina

Mnamtisha mtoto wa watu kwa vipande 61.

fundi_wa_kisogo

Dada, kumsubirisha miezi sita kuona kama kitana ndicho kilikuwa tatizo ni kucheza kamari na kitu kisichorudi. Akienda akaambiwa ni kitana, amepoteza nauli.

dadakondishina

Mimi bado naamini ni kitana.

binti_pangani

Nimemuuliza mama. Amenyamaza sana kwenye simu, halafu akasema "nani kakwambia". Amesema ilianza akiwa na mimba ya mdogo wangu, katikati, na akadhani ni dawa ya nywele aliyowekwa saluni, akafunga kilemba mpaka leo. Mdogo wangu ana miaka 26.

Nimepata nafasi kliniki Alhamisi ya wiki ijayo. Kitana nimekikata na mkasi. Fundi, hizo bakuli nizipeleke?

fundi_wa_kisogo

Peleka ya utosini tu, kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa, andika tarehe na siku 8. Usipake mafuta wala usisuke kabla ya kwenda, na mchukue mama muende wote.